Faida mbili, kiwanda kimoja: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kusuluhisha vitabu vya gharama na vitabu vya fedha

Maswali haya yanajirudia kila mwisho wa mwaka, kwa walioko viwandani na kwa wanaojiandaa na mitihani ya NBAA au KASNEB. Nimetumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, kiwanda kidogo cha sabuni za miche, namba za kutunga ila hesabu zake zinafunga. Anza na swali la 1 kama mada ni ngeni kwako, kama unajua mambo yote ila hesabu inagoma tu ruka mpaka la 9.

## Mwanzo kabisa

1. Kiwanda ni kimoja, mauzo ni yaleyale, kwanini faida zinakuwa mbili?

Kwa sababu kuna watu wawili wanahesabu kwa malengo tofauti. Mhasibu wa gharama anataka kujua katoni moja ya sabuni imegharimu shilingi ngapi, na anataka kujua LEO, sio mwezi wa tatu mwakani bili zote zikishafika, so anatumia makadirio. Mhasibu wa fedha yeye anasubiri bili halisi, anaandika kilichotumika kweli, halafu hesabu zake zinaenda kwa mkaguzi, benki na TRA.

Kwenye mfano wetu vitabu vya gharama vinasema faida ni Sh 28,000,000, vitabu vya fedha vinasema Sh 23,300,000. Bosi akiona hivyo wazo lake la kwanza ni kwamba kuna mtu kala milioni 4.7. Hakuna aliyekula. Usuluhishi ni karatasi inayotembea kutoka namba moja kwenda nyingine, mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa na sababu.

2. Ni lazima kila kampuni ifanye?

Hapana. Kama mfumo wenu ni mmoja, yani gharama na fedha ziko kwenye leja moja, hakuna cha kusuluhisha maana faida ni moja tu. Inahitajika pale vitabu viko viwili, na kwa viwanda vyetu vingi vidogo hali ndo hiyo, hesabu za fedha ziko kwenye programu ya uhasibu na gharama za uzalishaji ziko kwenye faili la eksel la mtu mmoja ambaye akiumwa hakuna anayelielewa.

## Ovahedi na kufyonza

3. "Kufyonza ovahedi" ndo nini hasa?

Malighafi ni rahisi, mafuta ya mawese na kostiki soda unaona kabisa zimeingia kwenye sufuria. Vibarua hivyohivyo. Ila bili ya umeme, mshahara wa msimamizi, uchakavu wa boila, pango la jengo, hivyo huwezi kuonyesha kwa kidole ni katoni ipi imevila. Hizo ndo ovahedi, na ili kila katoni ibebe sehemu yake inabidi utengeneze reti.

Reti inapangwa kabla mwaka haujaanza. Kiwanda chetu kilikadiria ovahedi za uzalishaji milioni 40 (milioni 25 za kudumu, milioni 15 zinazopanda na kushuka na uzalishaji) na katoni 10,000, kwa hiyo reti ni Sh 4,000 kwa katoni. Kila katoni ikitoka, vitabu vya gharama vinaipachika Sh 4,000 bila kuangalia bili za mwezi huo zimekujaje. Hicho ndo kufyonza.

Vitabu vya fedha havifyonzi kwa reti ya makadirio, vinaandika bili zilizokuja. Ukilielewa hili moja umeelewa nusu ya mada yote.

4. Tumefyonza pungufu. Kwenye usuluhishi naongeza au natoa?

Ukianzia faida ya vitabu vya gharama, unatoa. Mwaka ule katoni 10,000 zilitoka kama zilivyopangwa, so kilichofyonzwa ni milioni 40. Ila umeme ulikatika sana, jenereta ikanywa dizeli, ovahedi halisi zikafika milioni 43. Vitabu vya gharama vimehesabu gharama kidogo kuliko ukweli, maana yake faida yao imevimba kwa milioni 3. Unaishusha.

Kufyonza zaidi ni kinyume chake. Ovahedi za ofisi na mauzo zilipangiwa Sh 2,000 kwa kila katoni iliyouzwa, zikauzwa 9,000, ikafyonzwa milioni 18 wakati bili halisi ni milioni 17.2. Hapo vitabu vya gharama vimejibana kupita kiasi kwa Sh 800,000, unairudisha, unaongeza.

Usikariri "pungufu toa, zaidi ongeza" peke yake, maana mtihani (au bosi) akikuanzishia kwenye faida ya vitabu vya fedha alama zote zinageuka. Jiulize tu hivi: kitabu nilichoanzia kimeandika gharama kubwa au ndogo kuliko kile ninachoenda?

## Stoku

5. Katoni ni zilezile zimekaa stoo, kwanini zina bei mbili?

Kwa sababu bei ya katoni iliyoko stoo imebeba ovahedi ndani yake, na tumeshaona ovahedi ziko mbili. Angalia katoni moja ya mwaka huu: malighafi Sh 10,000, vibarua Sh 3,000, hapo vitabu vyote vinakubaliana. Halafu vitabu vya gharama vinaongeza 4,000 ya reti, inakuwa 17,000. Vitabu vya fedha vinachukua milioni 43 gawanya kwa katoni 10,000, ni 4,300, inakuwa 17,300.

Mwisho wa mwaka zimebaki katoni 2,000. Kwa gharama ni Sh 34,000,000, kwa fedha ni Sh 34,600,000. Tofauti 600,000, na hakuna hata mche mmoja uliosogezwa.

Stoku ya mwanzo nayo ina hadithi yake ya mwaka jana: katoni 1,000, vitabu vya gharama 16,000 kila moja, vitabu vya fedha 16,500. Tofauti 500,000.

6. Alama za stoku zinanichanganya kila siku. Mbona ya mwanzo na ya mwisho zinakwenda tofauti?

Stoku ya mwanzo ni gharama, mzigo uliouanza nao mwaka na umeuuza. Stoku ya mwisho inapunguza gharama, ni mzigo ambao hujauuza bado. Kwa hiyo stoku ya mwanzo ikiwa kubwa faida inashuka, stoku ya mwisho ikiwa kubwa faida inapanda.

Sasa rudi kwenye mfano, tunatoka vitabu vya gharama kwenda vya fedha. Stoku ya mwanzo kwa fedha ni kubwa kwa 500,000, faida ya fedha itakuwa ndogo, toa. Stoku ya mwisho kwa fedha ni kubwa kwa 600,000, faida ya fedha itakuwa kubwa, ongeza. Mimi huwa naandika mshale pembeni ya karatasi, juu au chini, kabla sijagusa namba, na bado siku nikiwa na haraka nakosea.

7. Subiri, ile 600,000 si ni sehemu ya ile milioni 3? Hatuhesabu kitu kimoja mara mbili?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na wengi hawaliulizi. Ndiyo, ni sehemu yake. Hapana, hatuhesabu mara mbili, na ukiona kwanini, mada nzima inafunguka.

Milioni 3 iliyofyonzwa pungufu ni Sh 300 kwa kila katoni kati ya 10,000. Vitabu vya fedha havikuitupa milioni 3 yote kwenye faida ya mwaka huu. Katoni 2,000 bado ziko stoo na kila moja imebeba 300 yake, jumla 600,000 imelala stoo inasubiri mwakani. Iliyoumiza faida ni ya katoni 8,000 za mwaka huu zilizouzwa, yani 2,400,000. Mstari wa ovahedi unatoa milioni 3 nzima, mstari wa stoku ya mwisho unarudisha ile 600,000 ambayo haijauzwa. Mistari miwili inafanya kazi moja.

Zile katoni 1,000 za mwanzo (tunachukulia zilizoingia kwanza zimetoka kwanza) zilibeba 500 kila moja kutoka mwaka jana, na mwaka huu zimeuzwa, so hiyo 500,000 inaumiza sasa. Jumlisha 2,400,000 na 500,000 unapata 2,900,000. Sasa angalia gharama ya mauzo kwenye vitabu vyote viwili: gharama wana 16 + 170 − 34 = milioni 152, fedha wana 16.5 + 173 − 34.6 = milioni 154.9. Tofauti ni 2,900,000 ileile.

Na kingine: hiyo 600,000 unayoiongeza mwaka huu, mwakani itarudi kama tofauti ya stoku ya mwanzo na utaitoa. Kwa hiyo usuluhishi wa mwaka mpya ukifunguliwa, mstari mmoja tayari unaujua. Kama mstari wa stoku ya mwanzo haufanani na wa stoku ya mwisho wa mwaka uliopita, simama hapohapo, mtu kabadilisha kitu.

## Taarifa nzima

8. Nionyeshe yote kwa pamoja, pamoja na vitu ambavyo viko kwenye kitabu kimoja tu.

Vitu vya kitabu kimoja ni vile visivyohusiana na kutengeneza sabuni. Riba ya mkopo, faini, riba iliyopatikana benki, vyote viko kwenye vitabu vya fedha tu na mhasibu wa gharama hana shida navyo. Mara chache inakuwa kinyume, mfano kiwanda kiko kwenye jengo lenu wenyewe na mhasibu wa gharama ameweka pango la kufikirika ili kujua gharama ya kweli ya katoni. Hilo kwenye vitabu vya fedha halipo, kwa hiyo ukitokea upande wa gharama unaliongeza. Kiwanda chetu hakina.

| Maelezo | Sh |
|---|---|
| Faida ya vitabu vya gharama | 28,000,000 |
| Toa: ovahedi za uzalishaji zilizofyonzwa pungufu | (3,000,000) |
| Ongeza: ovahedi za ofisi na mauzo zilizofyonzwa zaidi | 800,000 |
| Toa: stoku ya mwanzo, fedha ni kubwa | (500,000) |
| Ongeza: stoku ya mwisho, fedha ni kubwa | 600,000 |
| *Hapa tumefika* | *25,900,000* |
| Toa: riba ya mkopo | (2,400,000) |
| Toa: faini | (500,000) |
| Ongeza: riba iliyopatikana benki | 300,000 |
| Faida ya vitabu vya fedha | 23,300,000 |

Ule mstari wa katikati sio lazima ila uweke. Ukianza kuelezea kwa bosi anaona mara moja kwamba milioni 2.1 ni mambo ya kiwandani, na milioni 2.6 ni mambo ya benki na faini, ambayo fundi wa boila hana lawama nayo.

## Hesabu inapogoma

9. Nimeweka mistari yote na bado haifungi. Naanzia wapi?

Chukua kiasi kilichobaki, kigawe kwa mbili. Ukikuta jibu ni mstari mmojawapo, umegeuza alama ya huo mstari. Mfano ukiongeza ile 500,000 ya stoku ya mwanzo badala ya kuitoa, karatasi itabaki na 1,000,000 juu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikesha siku mbili natafuta milioni moja iliyopotea, nikapekua vocha za mwaka mzima, na kumbe ilikuwa alama tu.

Kama nusu haitoi kitu, jaribu kugawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, inawezekana sana kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kuandika, 54 imekuwa 45. Na kama vitabu vya gharama vilikuwa na hasara, anza na namba hasi, watu wengi wanaanza na hasara kama faida na hapo hakuna kitakachofunga mpaka kesho.

10. Mhasibu wa gharama anasema yeye alishafuta kufyonza pungufu. Bado naweka ule mstari?

Usiweke. Kuna wanaobeba salio la ovahedi mpaka nje ya faida, na kuna wanaolifungia kwenye akaunti ya faida na hasara ya gharama mwisho wa mwaka. Kama ameshalifunga, faida yake sio milioni 28 tena, ni 25,800,000 (ametoa milioni 3, ameongeza 800,000), na wewe ukitoa tena milioni 3 hapo ndo unahesabu mara mbili kweli. Mistari ya stoku inabaki palepale maana katoni zake bado ziko kwa 17,000. Usimuulize kwa mdomo, fungua akaunti ya ovahedi uone salio lilipoenda.

11. Sisi vitabu vya gharama tunatumia gharama zinazobadilika tu, za kudumu hatuziweki kwenye katoni. Inabadilika nini?

Ovahedi za kudumu zinakwenda zote kwenye faida ya mwaka huohuo, stoku haibebi hata senti. Kwa maamuzi ya ndani ni njia nzuri tu, mimi naipenda, ila kwa hesabu za nje IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa stoku, haikubali, stoku ya kiwanda lazima ibebe sehemu ya ovahedi za kudumu za uzalishaji.

Tofauti kubwa inatoka kwenye mabadiliko ya stoku. Tuseme reti ya kudumu ni Sh 2,500 kwa katoni miaka yote miwili. Stoku imepanda kutoka 1,000 mpaka 2,000, so vitabu vya fedha vimelaza stoo 2,500 × 1,000 = Sh 2,500,000 zaidi, na faida yao iko juu kwa kiasi hicho. Stoku ikishuka inakuwa kinyume, isipobadilika tofauti hii inapotea. Na ndo maana meneja anayelipwa bonasi kwa faida ya vitabu vya fedha anaweza kujaza stoo sabuni zisizo na mnunuzi na faida ikapanda.

12. Boila iliharibika, tulizalisha katoni 7,500 tu. Naweza kugawa ovahedi zote kwa hizo 7,500?

Zinazobadilika ndiyo, za kudumu hapana. IAS 2 inasema ovahedi za kudumu zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, na ile ambayo haikupata katoni ya kuibeba iende kwenye gharama za mwaka moja kwa moja.

Uwezo wa kawaida ni 10,000, za kudumu ni milioni 25, so kila katoni inabeba 2,500. Katoni 7,500 zinabeba 18,750,000, inayobaki 6,250,000 inaumiza faida ya mwaka huu. Ukigawa kwa 7,500 utapata kama 3,333, na katoni 2,000 zilizobaki stoo zitavimba kwa karibu Sh 1,670,000, yani hasara ya boila umeificha stoo. Mkaguzi anaikamata kirahisi, anaweka tu bei ya katoni ya mwaka jana na ya mwaka huu pamoja halafu anauliza kwanini sabuni imepanda bei wakati mawese hayajapanda.

Kwenye swali la 5 tuligawa milioni 43 yote kwa 10,000 bila shida kwa sababu uzalishaji ulifika uwezo wa kawaida na kilichozidi kilikuwa dizeli, sio katoni kupungua.

13. Katoni 300 zimeloa, haziwezi kuuzwa bei ya kawaida. Nani anaandika hasara?

Vitabu vya fedha. Stoku inaandikwa kwa gharama au kwa pesa utakayopata ukiiuza ukishatoa gharama za kuiuza, ile iliyo ndogo. Tuseme zitaleta Sh 12,000 kila moja wakati ziko kwa 17,300. Unashusha 5,300 × 300 = 1,590,000. Vitabu vya gharama mara nyingi vinaziacha kwa 17,000 yao.

Kwenye usuluhishi mstari wa stoku ya mwisho unageuka, stoku ya fedha sasa ni 33,010,000 dhidi ya 34,000,000, so badala ya kuongeza 600,000 unatoa 990,000. Ushauri wangu andika mistari miwili, kuongeza 600,000 na kutoa 1,590,000, maana ukiandika 990,000 peke yake mwakani hakuna atakayejua ilitoka wapi. Na kama vitabu vya gharama vinatoa bidhaa kwa LIFO, yani iliyoingia mwisho inatoka kwanza, nayo inaingia kwenye mstari huuhuu wa thamani, kwa sababu IAS 2 hairuhusu LIFO kwenye hesabu za fedha.

14. Kuhesabu stoo tumepata katoni 1,980, faili la gharama linasema 2,000. Hiyo nayo naiweka kwenye tofauti ya thamani?

Hapana, hiyo sio thamani, ni katoni 20 hazipo. Suluhisha katoni kwanza, shilingi baadaye. Vitabu vya gharama vifute 20 kwa 17,000, yani 340,000, faida yao inakuwa 27,660,000. Halafu tofauti ya thamani unaihesabu kwa katoni zilizopo kweli, 1,980 × 300 = 594,000, badala ya 600,000.

Ukiangalia upande wa fedha stoku imeshuka kwa 20 × 17,300 = 346,000, na upande wa usuluhishi ni 340,000 na 6,000, inafunga. Katoni 20 zenyewe zimeenda wapi, muulize mtunza stoo na uangalie noti za kutolea mzigo za wiki ya mwisho ya Desemba, mara nyingi gari limepakia tarehe 31 na karatasi imeingizwa tarehe 2.